Namna ya kueleza maisha ya nyota kutoka kwenye kitini cha mhadhara: anza na tungamo

Vitini vingi vya astronomia huweka maisha ya nyota kwenye mchoro mmoja. Upande wa kushoto kuna wingu la gesi, katikati nyota, kisha mishale miwili inaachana: mmoja unaishia kwenye kibete cheupe, mwingine kwenye supanova, nyota ya nutroni au shimo jeusi. Mchoro ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba unaonyesha njia bila kusema nani anaichagua, na hilo ndilo swali ambalo mwanafunzi makini atakuuliza kabla hujamaliza kuuchora ubaoni.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kitini cha namna hiyo na anatakiwa kukieleza kwa wenzake. Sitapitia kila aina ya nyota. Nitashika jozi moja halisi, Shira A na Shira B (vitabu vingine huandika Sirius), kwa sababu ukiweza kuieleza jozi hiyo vizuri, sehemu kubwa ya mchoro inajieleza yenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta namba za tungamo, kisha uliza kila namba ni ya nini na ni ya lini

Pitia kitini ukiwa na kalamu. Utakuta namba chache zinazorudiarudia: 0.08, 8, 1.4, na mara nyingi 20 au 25. Zote zinapimwa kwa tungamo la Jua, yaani Jua lenyewe ni 1. Usianze kueleza chochote kabla hujaandika pembeni ya kila namba mambo mawili: hili ni tungamo la kitu gani, na limepimwa wakati gani wa maisha yake.

0.08 ni tungamo la mpira mzima wa gesi unapozaliwa. 8 ni tungamo la nyota nzima inapozaliwa. 20 au 25 ni vivyo hivyo. Lakini 1.4 si ya nyota nzima, wala si ya wakati wa kuzaliwa. Ni ya kiini kinachobaki mwishoni, baada ya nishati ya nyuklia kwisha ndani yake.

Hapa ndipo maelezo mengi huvunjika. Mwanafunzi akiziweka 8 na 1.4 kwenye mstari mmoja, atakwambia: "Mwalimu, nyota ya 5 imeshapita 1.4, kwa hiyo itabomoka na kulipuka." Mantiki yake imenyooka kabisa, na jibu si sahihi. Nyota ya 5 itapoteza sehemu kubwa ya gesi yake kabla ya kufa, na kiini kitakachobaki kitakuwa karibu 1. Tutalithibitisha hili kwa Shira B.

Hatua ya 2: Eleza kuzaliwa kama pambano, si kama kuwasha taa

Wingu linalozaa nyota ni baridi mno, kiasi cha nyuzi 10 hadi 20 za Kelvin, na baridi hiyo ni sharti. Gesi yenye joto ina shinikizo la kuzuia mvutano; gesi baridi haina nguvu hiyo, kwa hiyo sehemu nzito za wingu huanza kujikunja zenyewe. Wingu la Jabari, umbali wa yapata miaka ya nuru 1,300, linafanya kazi hiyo sasa hivi, na usiku wenye giza unaweza kuliona kwa macho kama doa lenye ukungu kwenye upanga wa Jabari. Likijikunja, wingu humeguka vipande vipande, kila kipande na tungamo lake. Ndiyo maana nyota huzaliwa kwa makundi na kwa jozi, na ndiyo maana tunaweza kuamini kwamba Shira A na Shira B ni za umri mmoja. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji.

Kipande kikiendelea kujibana, katikati yake panapata joto. Hapa sahihisha wazo ambalo wengi wanalo: nyota haipati joto lake la kwanza kutokana na nyuklia. Inalipata kwa kubanwa na uzito wake yenyewe. Nyota changa inang'aa kabla haijaunganisha hata chembe moja ya hidrojeni, na kwa kuwa inang'aa inapoteza nishati, na kwa kuwa inapoteza nishati inazidi kujibana na kuzidi kupata joto. Katikati pakifikia nyuzi zipatazo milioni 10, hidrojeni inaanza kuungana kuwa heliamu kwa kasi ya kutosha kufidia kile kinachopotea. Hapo kujibana kunasimama. Kazi ya nyuklia, kwa hiyo, ni kulipa deni la mwanga ili nyota isiendelee kusinyaa.

Sasa 0.08 inaeleweka. Gesi ikibanwa mno, elektroni zake hukataa kusogezwa karibu zaidi, na ukaidi huo hautegemei joto. Mpira wa gesi ulio chini ya 0.08 hufikia ukaidi huo kabla katikati hapajapata joto la kutosha. Kujibana kunakoma, joto linakoma kupanda, na hidrojeni haiwaki kwa utulivu kamwe. Kitu hicho huitwa kibete cha kahawia. Mwambie mwanafunzi aushike vizuri ukaidi huu wa elektroni, kwa sababu ndio utakaomshikilia Shira B baadaye.

Hatua ya 3: Kokotoa umri wa Jua mbele yao

Usimtajie mtu kwamba Jua litaishi miaka bilioni 10 akakubali kwa sababu kitini kimesema. Mpe namba nne azipige mwenyewe. Tungamo la Jua ni 2×10³⁰ kg. Sehemu inayoweza kutumika ni ile iliyo katikati tu, yapata asilimia 10, kwa kuwa nje yake hapana joto la kutosha. Hidrojeni ikiwa heliamu, asilimia 0.7 ya tungamo lake hugeuka nishati. Na Jua hutoa wati 3.8×10²⁶.

```
Akiba = 0.1 × 0.007 × 2×10^30 × (3×10^8)^2
      = 1.26×10^44 J
Muda  = 1.26×10^44 ÷ 3.8×10^26
      = 3.3×10^17 s
```

Mwaka una sekunde 3.15×10⁷, kwa hiyo muda huo ni yapata miaka bilioni 10.5. Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6. Hesabu ya mistari minne imetufikisha palepale wanapofika wenye kompyuta kubwa, na sababu ni moja: maisha ya nyota ni akiba kugawanywa kwa matumizi.

Hatua ya 4: Onyesha kwamba matumizi yanapanda haraka kuliko akiba

Mwanafunzi atasema kwamba nyota nzito ina hidrojeni nyingi, basi iishi zaidi. Mwache aseme, kisha mpe Shira A. Tungamo lake ni kama 2, mng'ao wake ni kama 25. Ni sawa na mtu mwenye akiba mara mbili ya jirani yake lakini anayetumia mara 25 kila siku. Gawanya 2 kwa 25, zidisha kwa miaka bilioni 10, utapata miaka milioni 800. Jua limeshaishi zaidi ya mara tano ya hapo na bado lina nusu ya safari.

Kwa nini matumizi yapande hivyo? Hapa vitini vingi huandika tu kwamba mng'ao unafuata tungamo kwa kipeo cha 3.5 na kusonga mbele. Tumia muda hapa, ndicho kiini cha somo. Ndani ya nyota mwanga hausafiri moja kwa moja kutoka katikati hadi nje. Unagonga chembe, unamezwa, unatolewa upya kuelekea popote, na unavuja polepole kuelekea juu. Nyota nzito inahitaji joto kali zaidi katikati ili ibebe uzito wake, na joto kali lina mwanga mwingi zaidi wa kuvuja. Isitoshe, nyota nzito ni pana, na gesi yake haikusongamana kama ya Jua, kwa hiyo mwanga unapenya kwa urahisi zaidi. Mambo hayo mawili kwa pamoja hufanya uvujaji uongezeke kwa kasi kubwa tungamo linapoongezeka kidogo tu.

Kiini hakina hiari katika jambo hilo. Lazima kizalishe kile kinachovuja. Kikizalisha pungufu, nyota inajibana kidogo, joto linapanda, na uzalishaji unaongezeka. Kikizalisha kupita kiasi, kinatanuka, kinapoa, na uzalishaji unashuka. Nyota ikiwa kwenye safu kuu, yaani kipindi chake chote cha kuunganisha hidrojeni katikati, hujirekebisha hivi bila kukoma.

Kutokana na hapo unapata kanuni ya makadirio:

```
Umri = miaka bilioni 10 × M^(-2.5)
```

M ni tungamo kwa kipimo cha Jua. Eleza pia mipaka yake. Kwa nyota ndogo sana inatoa umri mdogo kuliko ulivyo kweli, kwa sababu nyota hizo huchanganya gesi yake yote kutoka juu hadi katikati, hivyo zinatumia karibu hidrojeni yote badala ya asilimia 10. Proksima, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, ina tungamo la 0.12 na itaishi matrilioni ya miaka. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8, kwa hiyo hakuna nyota ya aina yake iliyowahi kuzeeka popote pale.

Hatua ya 5: Leta Shira B, uache kitendawili kisimame kwanza

Mwaka 1844 Friedrich Bessel alitangaza kwamba Shira haiendi kwa mstari ulionyooka angani. Inayumba, kama kitu kinachovutwa na mwenzake asiyeonekana. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark, akijaribu lenzi mpya ya darubini, alimwona mwenzake huyo: nukta hafifu kando ya nyota angavu kuliko zote za usiku. Nyota hizo mbili huzungukana kwa yapata miaka 50, na kutokana na mzunguko huo tunajua tungamo la kila moja. Shira A ni 2. Shira B ni 1, ikiwa imebanwa ndani ya mpira mdogo kidogo kuliko Dunia. Shira B ni kibete cheupe, yaani nyota iliyokwisha kufa.

Mpe mwanafunzi taarifa hizo na umwache azitafakari. Kanuni imesema nyota nzito hufa mapema. Hizi zilizaliwa pamoja. Inakuwaje nyepesi ndiyo imekufa, na nzito bado inaunganisha hidrojeni?

Jibu ni kwamba Shira B haikuzaliwa na 1. Ilizaliwa na tungamo la karibu 5, ikiwa ndiyo nzito katika jozi hiyo. Weka 5 kwenye kanuni: 5 kwa kipeo cha 2.5 ni 56, na miaka bilioni 10 kugawanywa kwa 56 ni yapata milioni 180. Hesabu kamili za kompyuta hushusha muda huo hadi karibu milioni 100. Tofauti hiyo isikutishe, kanuni yetu ni ya makadirio. Tangu ife, imekuwa ikipoa kwa miaka zaidi ya milioni 120, jambo tunalolijua kutokana na joto la uso wake, nyuzi zipatazo 25,000. Jumlisha, utapata jozi yenye umri wa miaka milioni mia mbili na ushei, umri ambao Shira A, yenye bajeti ya miaka milioni 800, inaumudu bila shida.

Sasa fuata kifo chenyewe taratibu. Hidrojeni ilipokwisha katikati, kiini cha heliamu hakikuwa na cha kulipia mwanga, kikaanza kujibana na kupata joto. Tabaka la hidrojeni lililokizunguka likawaka kwa nguvu zaidi kuliko kiini kilivyowaka awali, na gesi ya nje ikatanuka hadi nyota ikawa jitu jekundu. Kiini kilipofikia nyuzi milioni 100, heliamu ikaanza kuungana kuwa kaboni na oksijeni. Nayo ikaisha. Kiini kikajibana tena, kikielekea nyuzi zaidi ya milioni 500 ambazo kaboni huzihitaji ili iwake.

Hakikufika. Elektroni zikakataa kusogezwa, ule ukaidi uleule wa kibete cha kahawia, na kujibana kukasimama. Wakati huohuo tabaka za nje, zilizoshikiliwa kwa ulegevu kutokana na upana wa jitu lile, zikawa zinapeperuka kwenda angani. Tungamo la Jua kama 4 likaondoka hivyo, na kiini cha 1 kikabaki wazi. Hicho ndicho tunachokiona leo.

Mwaka 1930, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa kijana melini kuelekea Uingereza, alianza kuonyesha kwamba ukaidi wa elektroni una kikomo. Kibete cheupe kikiongezewa tungamo hakipanuki, kinasinyaa, na kikifikia 1.4 hakuna elektroni zinazoweza kukibeba. Shira B iko salama kwa kuwa kiini chake kiliishia 1. Jua nalo litaishia salama zaidi, kwa kuwa kiini chake kitakuwa kama nusu ya lilivyo leo.

Hatua ya 6: Vuka 8 kwa tahadhari

Nyota iliyozaliwa na zaidi ya 8 ina kiini kizito kiasi kwamba kaboni inawaka kabla elektroni hazijakataa. Kuanzia hapo kila majivu yanakuwa kuni ya hatua inayofuata: kaboni, neoni, oksijeni, silikoni, hadi chuma. Muda unakatika kwa namna ya kutisha. Kwa nyota ya 25, hidrojeni inachukua miaka yapata milioni 7, kaboni miaka mia kadhaa, silikoni yapata siku moja. Sababu ni kwamba kwenye joto hilo nishati haivuji tena kwa mwanga pekee. Inatoroka kwa nutrino, chembe zinazopenya nyota nzima kana kwamba haipo.

Chuma hakilipi chochote. Kukiunganisha kunatumia nishati badala ya kuitoa. Kiini cha chuma kinakua hadi kinavuka kikomo cha Chandrasekhar, kisha kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja na kuwa mpira wa nutroni wenye kipenyo cha kilomita zipatazo 20. Tabaka zilizobaki zinatupwa nje: supanova. Februari 1987 nyota yenye tungamo la kama 20 ililipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, na vitambuzi vilivyo chini ya ardhi huko Japani, Marekani na Urusi ya Kisovyeti vilinasa nutrino zake kadhaa saa chache kabla mwanga wa mlipuko haujaonekana. Habari za kiini zilitangulia habari za uso, kama hesabu zilivyotabiri. Jambo moja lilishangaza: nyota hiyo ilikuwa ya buluu ilipolipuka, ilhali vitini vingi huchora jitu jekundu tu kabla ya supanova. Rekebisha mchoro wako hapo.

Kuhusu 20 au 25, mpaka kati ya nyota ya nutroni na shimo jeusi, usiuchore kwa rula. Kasi ya kujizungusha, kiasi cha gesi kilichopeperuka na madini yaliyokuwemo tangu wingu la mwanzo vyote vinausogeza mpaka huo. Andika "karibu", na ulitamke neno hilo.

Hatua ya 7: Pima kama wameelewa

Kabla ya kupima, taja pale ambapo tungamo la kuzaliwa halitoshi: jozi zilizo karibu mno. Kwenye Algol, nyota mbili huzungukana kwa siku zisizofika tatu, na ile iliyozaliwa nzito imemwagia mwenzake gesi hadi yenyewe ikawa nyepesi. Hapo lazima uulize pia nani amempa nani tungamo.

Kisha usiulize wataje hatua za maisha ya nyota, hizo zinakaririka. Uliza hivi: Shira A nayo ikishakufa, vibete viwili vyeupe vitabaki vikizungukana. Kipi kitakuwa kizito, na kipi kitakuwa kikubwa kwa kipenyo?

Anayesema Shira A ndiyo itakuwa nzito kwa sababu leo ina 2, mrudishe Hatua ya 1 akaandike upya namba zake na za lini. Shira A itaacha kiini cha karibu 0.6, kwa hiyo Shira B yenye 1 itabaki nzito. Na kwa kuwa kibete cheupe husinyaa kikiongezeka tungamo, mabaki mepesi ya Shira A ndiyo yatakuwa mapana zaidi.